Mpangaji wa duka ameacha kulipa kodi: jinsi ya kumtoa kisheria Kenya

Haya ni ya wenye vyumba vya biashara: duka, saluni, kibanda cha chakula, duka la dawa. Nyumba za kuishi zina njia yao. Zile za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi huenda kwenye jopo la kodi za nyumba, na zinazozidi hapo huenda mahakamani baada ya notisi isiyopungua kipindi cha kulipia kodi. Ukiwa na mpangaji wa duka, usifuate ushauri wa jirani yako mwenye nyumba za kuishi, hata kama alimtoa wake kwa mwezi mmoja.

Kwanza tazama mkataba wenu. Kama hamkuandikiana chochote, au mliandikiana kwa muda usiozidi miaka mitano, au mkataba una kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka mitano hata pasipo kosa la mpangaji, basi huyo analindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya. Wengi wetu tuko hapo, hasa sisi tuliokubaliana kwa mdomo na kupokea kodi kwa simu. Kesi yako itakuwa ya BPRT, jopo la kodi za majengo ya biashara, na mpangaji hatoki kwa njia nyingine yoyote. Kile kipengele mlichoweka kwamba "asipolipa siku saba nitafunga duka" hakikusaidii kitu.

Sasa notisi, ambapo miezi hupotea. Ajenti wangu aliandika barua nzuri yenye nembo na muhuri, akampa mpangaji siku thelathini, akanitoza pesa ya kuiandika. Barua hiyo haikuwa na thamani yoyote mbele ya jopo, ikabidi tuanze upya huku jamaa akiendelea kuuza. Sheria inataka fomu maalumu, Fomu A. Barua ya ajenti, hata ya wakili, haichukui nafasi yake.

Fomu yenyewe ni fupi. Mambo matatu ndiyo huiua. La kwanza ni tarehe ya kuanza kutumika: lazima iwe angalau miezi miwili tangu siku mpangaji *alipoipokea*, si siku ulipoiandika. La pili ni sababu. Andika kwamba ameshindwa kulipa kodi kwa miezi miwili baada ya kufika siku ya kulipa, au kwamba amekuwa akichelewesha kodi mara kwa mara, kisha taja miezi yenyewe na kiasi. "Mpangaji msumbufu" si sababu, ingawa najua ungependa kuiandika. La tatu ni ile sehemu inayomtaka akujibu kwa maandishi, ndani ya mwezi mmoja tangu kuipokea, kama anakubali au anakataa. Watu wanaochapa fomu upya kwenye kompyuta zao huiruka, na notisi isiyo nayo haina nguvu.

Chukua mfano. Kodi ni Sh18,000, hulipwa tarehe 5. Mpangaji ameacha kulipa tangu Januari. Kodi ya Januari inatimiza miezi miwili ya kuchelewa tarehe 5 Machi, kwa hiyo kuanzia tarehe 6 sababu unayo. Ukimkabidhi notisi tarehe 12 Machi, siku ya mapema kabisa ya kuanza kutumika ni 12 Mei. Mimi ningeandika 1 Juni. Hizo wiki za ziada zinauma, lakini akija kudai aliipokea siku kadhaa baadaye, bado hesabu yako inasimama. Jibu lake linatakiwa kufikia 12 Aprili. Deni linalotajwa kwenye notisi ni Sh54,000 za Januari hadi Machi, na litakuwa Sh90,000 ifikapo mwisho wa Mei. Jipange kuishi bila pesa hizo, maana hakuna hatua hapa inayozirudisha haraka.

Namna ya kukabidhi nayo ina sheria yake. Mpe mkononi, au mpe mtu mzima wa familia yake, au mfanyakazi wake wa hapo dukani, au itume kwa rejista ya posta kwa anwani yake ya mwisho unayoijua. Ya posta huhesabiwa tangu siku aliyoichukua barua na kutia saini, kwa hiyo mpangaji mjanja asiyekanyaga posta atakuchelewesha. Kubandika mlangoni na kupiga picha, au kutuma kwa WhatsApp na kusubiri tiki za buluu, hakumo kwenye orodha. Tumia mpelekaji hati za mahakama, aandike hati ya kiapo kueleza alimpa nani, wapi, saa ngapi. Ada yake ni ndogo kuliko kurudia miezi miwili.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Akikuandikia kwamba anakataa, kisha akapeleka shauri kwa jopo kabla ya 1 Juni, notisi inalala mpaka jopo liamue. Ndivyo wengi hufanya, kwani huwapa muda. Wewe jibu shauri hilo na uweke daftari la kodi, risiti, na taarifa za malipo ya simu. Jopo likiona hesabu iliyonyooka ya mwezi kwa mwezi, maneno yanapungua. Akianza kulipa kidogo kidogo katikati ya kesi, pokea, ila kwenye risiti andika kwamba ni deni la mwezi fulani na kwamba notisi bado ipo. Mashauri mengi husikilizwa mtandaoni: utaketi mbele ya skrini asubuhi nzima ukingoja zamu, ukisikiliza jogoo wa wakili fulani, kisha kesi yako itatajwa kwa dakika mbili na kupewa tarehe nyingine.

Asipojibu wala kwenda kwa jopo, sheria inasema upangaji umekwisha tarehe uliyoandika. Hapa ndipo wengi huvuta kufuli mfukoni. Usifanye hivyo. Atakimbilia jopo na malalamiko, na amri ya muda ya kulifungua duka hutoka upesi kuliko yoyote utakayoomba wewe, mara nyingi ikimwagiza OCS asimamie. Bidhaa zikiharibika humo ndani, utadaiwa wewe. Badala yake, wewe ndiye upeleke ombi: ambatisha notisi na hati ya kiapo ya mpelekaji, omba amri ya kurudishiwa chumba na ya kulipwa malimbikizo. Unaweza pia kuomba ruhusa ya kukamata mali yake kwa ajili ya kodi, ingawa dalali akishauza rafu na friji, deni ndilo linalopungua. Mtu bado yumo dukani.

Ukipata amri, iombe nakala iliyothibitishwa. Asipotii, nakala hiyo husajiliwa katika mahakama ya hakimu, unalijulisha jopo kwamba umeisajili, na kuanzia hapo inatekelezwa kama hukumu ya mahakama. Masijala mbili ni foleni mbili, na karani wa moja hakuambii kwamba nyingine ipo. Mpangaji naye ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kwa hiyo uliza kama kuna amri ya kusimamisha utekelezaji kabla ya kumlipa dalali.

Siku ya kumtoa, aje dalali mwenye leseni pamoja na polisi walioagizwa, si vijana wa mtaani. Kila kitu kinachotolewa kiandikwe na kusainiwa kabla hakijafika barabarani. Sanduku la vifaa lisiloandikwa huwa, kwenye madai yake ya baadaye, lilikuwa limejaa simu mpya.