Mshono usipotelee kwenye ukungu

Ukiiandikia akili mnemba prompti ya picha ya karibu sana ya mkoba wa ngozi, usiishie kwenye "nyuma kuwe na ukungu". Sema ukali ukae wapi: "mstari wote wa mshono uonekane wazi, uzi mnene wa rangi ya krimu, kamera sambamba na ngozi, f/8, ukungu uanzie kwenye bizimu". Kamera ikikaa mshazari, ni mishono miwili mitatu tu itakayobaki mikali. Mwanga nao utoke ubavuni, chinichini, ili mikunjo na vitundu vya ngozi vitupe vivuli. Mwanga wa mbele huifanya ngozi ionekane kama plastiki. Kisha kuza picha uangalie kama uzi unaingia tunduni, maana mara nyingi huchorwa ukielea juu ya ngozi.