Kubalansi redoksi ya asidi kutoka kwenye picha, na jinsi ya kumkamata mainasi aliyepotea

Jana usiku dogo mmoja wa fomu siksi kanirushia picha ya swali, kaipiga chini ya taa hafifu na karatasi imekunjwa, swali ni pamanganeti na oksaleti kwenye asidi. Nilichosoma ni hiki:

```
MnO₄ + C₂O₄²⁻ → Mn²⁺ + CO₂
```

Hatua ya 1, gawa vipande viwili na uanze na chepesi. Oksaleti ina kaboni mbili so upande wa pili weka CO₂ mbili, watu wengi wanaacha moja halafu wanaanza kuongeza maji wakati hayatakiwi. Oksijeni ni nne kwa nne. Chaji kushoto −2, kulia sifuri, kwa hiyo elektroni 2 zinakaa kulia:

```
C₂O₄²⁻ → 2CO₂ + 2e⁻
```

Hatua ya 2, manganizi. Oksijeni nne kushoto, weka 4H₂O kulia, haidrojeni nane za hayo maji zilipe kwa 8H⁺ kushoto. Sasa hesabu chaji: kushoto +8, kulia +2, yaani elektroni 6. Hapo nikasita, maana pamanganeti kwenye asidi huwa inachukua 5.

Ubaya ni kwamba ukiendelea na hiyo 6 inabalansi vizuri tu! Unapata MnO₄ moja kwa oksaleti tatu, atomi sawa, chaji +2 huku na huku, kwa hiyo kuhakiki mwishoni hakukusaidii kitu. Kinachokuumbua ni namba ya oksidesheni: MnO₄ isiyo na chaji inataka Mn iwe +8, na manganizi ina elektroni 7 tu za nje za kutoa, ya nane inatoka wapi? Nikamwambia dogo anyooshe karatasi apige tena, kumbe mainasi ilikuwa ndani ya mkunjo. Ni MnO₄⁻, kushoto inakuwa +7:

```
MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O
```

Hatua ya 3, elektroni zilingane. Namba ndogo inayogawanyika kwa 5 na 2 ni 10, so manganizi zidisha mara 2, oksaleti mara 5, jumlisha, elektroni zinakatana:

```
2MnO₄⁻ + 5C₂O₄²⁻ + 16H⁺ → 2Mn²⁺ + 10CO₂ + 8H₂O
```

Chaji +4 pande zote, oksijeni 28 kwa 28.

Na usione ni kamainasi tu. Kwenye titresheni ukitumia sentimita za ujazo 20 za pamanganeti ya 0.02 M, hizo ni moli 0.0004, uwiano wa 2 kwa 5 unakupa oksaleti moli 0.0010, ila ule wa 1 kwa 3 unakupa 0.0012, na hesabu zote za chini yake zinaondoka na hilo kosa.