Falsafa ya ufundishaji: kila imani na tendo lake

Mnaoomba chuo cha ualimu, kwenye tamko la falsafa ya ufundishaji msiishie kwenye "naamini kila mtoto anaweza kujifunza". Hiyo karibu kila mwombaji anaiandika. Ongeza kile ambacho mtu angekiona akiingia darasani mwako.

Tuseme unaamini kosa la mwanafunzi linaonyesha anavyofikiri. Endelea hivi: "Mwanafunzi akiandika 1/2 + 1/3 = 2/5, sitamwekea alama ya kosa na kupita. Nitamwuliza amefikaje hapo, kisha agawe vipande viwili vya karatasi vilivyo sawa, kimoja nusu, kingine sehemu tano. Ataona mwenyewe kuwa 2/5 ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo."

Ukitaka kujipima, funika sentensi ya imani, mpe mwenzako asome tendo peke yake. Akiotea unachoamini, umepatia. "Nitatumia mbinu shirikishi" haitamsaidia kuotea chochote. Sema wanafunzi wamekaaje, nani anaongea, wewe umesimama wapi.

Kama hujawahi kushika chaki, usijitungie uzoefu. Kumwelekeza mdogo wako hesabu za nyumbani ni mfano halali kabisa.