Jinsi ya kuandika muhtasari wa simu na wakala unapolalamikia salio lililokatwa mara mbili

Tuchukue kisa ambacho hesabu yake huvurugika upesi. Mteja, Tanzania, ameenda kwa wakala wa pesa za simu kutoa shilingi 120,000. Wakala anasema meseji haijaingia, hebu rudia. Anarudia, anapewa pesa mara moja, ila salio limekatwa mara mbili. Kesho yake anampigia wakala, anamweleza kwamba simu inarekodiwa, wanazungumza. Rekodi anayo, lakini wa huduma kwa wateja hana muda wa kuisikiliza yote. Atasoma nusu ukurasa.

Kabla ya kuandika neno, fungua meseji zote mbili za muamala. Namba ya kumbukumbu, kiasi, ada na saa vichukue humo, usivichukue kwenye sauti. Mtu akisoma kumbukumbu kwa simu, herufi O na sifuri huchanganywa kwa urahisi, na herufi moja ikikosewa muamala hauonekani kwenye mfumo. Kama alichosoma wakala kinatofautiana na meseji yako, andika vyote viwili na useme kipi kimetoka wapi.

Kisha sikiliza rekodi mwanzo hadi mwisho bila kuandika. Mara ya pili ndipo uandike, kando ya kila jambo ukiweka dakika ya rekodi linaposikika.

Kazi kubwa iko kwenye saa na kiasi. Wakala atasema "jana kama saa nane kasoro", wakati meseji imeandika 13:52. Acha maneno yake yalivyo, halafu weka tarehe kamili na saa ya meseji pembeni. Ukiandika "saa 8" tupu, msomaji wa ofisini anaweza kwenda kutafuta muamala wa asubuhi. Kiasi nacho hivyo hivyo: "laki na ishirini" iandike 120,000. Anayetamka "elfu ishirini na tano" karibu kila mara anamaanisha 25,000, lakini kwa masikio tu inaweza kuwa 20,005, kwa hiyo ilinganishe na meseji.

Sikiliza hasa anachosema wakala kuhusu floti, yaani salio lake la uwakala kwenye simu. Mteja anapotoa pesa, floti ya wakala hupanda na pesa taslimu dukani hupungua. Katika kisa chetu anasema alikuwa na laki tatu na themanini, na baada ya kazi ile ikasoma laki sita na ishirini. Tofauti ni 240,000, yaani miamala miwili ya 120,000, ikiwa hakuhudumia mtu mwingine katikati. Hapo hapo anadai ule wa kwanza haukuingia. Usimsahihishe wala usimwite mwizi. Yaweke maneno yake mawili sambamba, kwa sababu kampuni ya mtandao wa simu inaweza kuangalia kumbukumbu za floti yake na wewe huwezi.

Muhtasari wenyewe ukae hivi:

> Simu ya 14 Machi 2025, saa 10:20 asubuhi (saa nne na dakika ishirini), urefu dakika 6. Mpigaji: mteja, namba inayoishia 41. Mpokeaji: wakala, namba ya wakala imeambatishwa.
>
> Meseji: 13 Machi 2025, 13:52, kutoa 120,000, na 13:58, kutoa 120,000. Kumbukumbu na ada za kila muamala ziko kwenye picha zilizoambatishwa.
>
> Wakala anakubali alimwambia mteja arudie (1:10) na kwamba alitoa pesa taslimu mara moja, "laki na ishirini" (2:35). Anasema muamala wa kwanza, "kama saa nane kasoro", haukuingia kwake (3:05). Anasema floti ilitoka 380,000 ikawa 620,000 (4:20). Hakutaja kama alihudumia mteja mwingine katikati.
>
> Mteja anaomba arudishiwe 120,000 ya muamala wa 13:52 na ada yake.

Ile sentensi ya "hakutaja" ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana inamwonyesha anayechunguza aanzie wapi. Pasiposikika andika "haisikiki", na usijaze kwa kukisia. Namba ya siri ikitajwa kwenye rekodi, isiingie kwenye muhtasari, na uibadilishe siku hiyo hiyo.

Peleka kwanza kwa mtandao wako, kwa simu ya huduma kwa wateja au dukani kwao, na usiondoke bila namba ya malalamiko. Iandike juu ya muhtasari pamoja na tarehe. Usiporidhika na jibu, hatua inayofuata ni Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019. Huko wataulizia ulichojibiwa na mtandao, na namba hiyo ndiyo ushahidi kwamba ulianzia mahali sahihi.

Faili la sauti usilikate wala kulirusha kwenye magrupu. Ukiondoa hata salamu za mwanzo, ile 2:35 uliyoandika itaangukia kwenye maneno mengine.