Spaida ya aina nne: badilisha mikia kwanza

Katika mchezo wa karata wa Spaida, ukipata safu tupu, usikimbilie kuijaza. Itumie kubadilishana mikia, yaani karata za mwisho wa safu. Mfano, safu moja inaishia 9 ya kopa na juu yake 8 ya shupaza, nyingine 9 ya shupaza na 8 ya kopa. Weka 8 ya shupaza kwenye safu tupu, hamishia 8 ya kopa kwenye 9 ya kopa, kisha rudisha 8 ya shupaza kwenye 9 yake. Sasa una mifuatano miwili safi, na safu bado tupu! Fanya hivi kabla ya kugawa karata 10 nyingine, maana mchezo haugawi ukiwa na safu tupu, hivyo itabidi uijaze kwanza. Mbinu inakwama mkia ukiwa na aina mchanganyiko, kwani hauhamishiki kwa pamoja.