Masaa manne mchana stesheni ya Tabora: tafuta soketi kwanza

Juzi nilimsindikiza shangazi Mpanda, basi la Nzega likatushusha Tabora saa 4 asubuhi na treni tunaisubiri saa 8 mchana. Nawaandikia nilivyofanya maana kuna sehemu ilinigharimu karibu masaa mawili.

1. Mabegi. Yafunge pamoja kwa kamba, mkanda wa moja uzungushie mguu wako. Hela na tiketi zikae mwilini. Mtu usiyemjua usimwachie mzigo hata akiwa mpole vipi, nendeni chooni kwa zamu.

2. Simu. Hapa ndo penyewe. Saa 4 na robo niliiacha kibanda cha kuchaji, ikiwa na asilimia 12, nikalipa 500. Saa 6 naenda kuichukua, 26! Simu nzima na waya mzima, ila jamaa alikuwa na chaja moja yenye matundu mengi na simu kama nane zimening'inia hapo, sasa umeme wa chaja ile ile unagawanywa kwa wote, kila simu inapata kidogo sana. Ndo maana nasema tembea na kichwa chako cha chaja, kile cha ampea 2, na uchomeke kwenye soketi ya ukutani, sio kwenye tundu la mwenzio. Kisha angalia baada ya dakika 10: simu ya betri 5000 ikiwa imepanda asilimia 4 au 5 uko sawa, ikipanda 1 tu chomoa, hama. Data zima, na usiiache juani wala chini ya bati la moto, ikipata joto inapunguza kasi yenyewe. Kama lazima uiache kwa mtu, toa laini uweke kwenye kiswaswadu, maana pesa zako ziko kwenye laini.

Pawabenki nayo nzuri, ila ile ya 10,000 usitegemee ijaze simu ya 5000 mara mbili kamili, nyingine inapotea njiani.

3. Kula. Baada ya pale nikahamia kwa mama lishe mwenye soketi karibu na meza, nikamwambia "mama, shikamoo, tunakula wawili, naomba na umeme kidogo," akasema chomeka mwanangu. Wali maharage na mchicha, bado unafuka moshi. Mimi sili nyama ya mchuzi iliyopoa kabla ya safari ndefu, choo cha treni sio cha kukimbilia.

4. Kupumzika. Shangazi alilala kwenye kitenge, kichwa juu ya begi, mimi macho. Alamu weka kwenye kiswaswadu, sio kwenye simu inayochaji. Saa 7 na dakika 45 nikachomoa, ilikuwa 78, tukarudi stesheni.