Swabu ilitupoteza: kwa Wabongo wenzangu mnaouguza mzazi Nairobi

Naandika hii nikiwa bado na hasira kidogo mnisamehe. Mama yangu ana miaka 71, alipata kiharusi Tanga, upande wa kulia ukalala, tukamleta Nairobi kwangu kwa sababu mimi ndo nina nafasi. Mpaka, hati, malazi, hayo mnayajua na si shida. Shida ilikuwa kidonda cha kulalia pale juu ya makalio, kwenye mfupa, na zaidi ya kidonda shida ilikuwa karatasi moja ya maabara.

Nyumbani tumezoea zahanati kwanza halafu rufaa, mtu wa maabara hakuoni mpaka daktari aandike. Hapa Nairobi nilipiga simu tu, kijana akaja na pikipiki, akapangusa kidonda juu juu na ile pamba ya kijiti, ndo swabu yenyewe, kidonda kikiwa na gamba jeusi na utando wa njano vilevile, akaondoka. Siku ya tatu majibu yakaingia kwenye simu yangu kabla ya daktari yeyote kuyaona: bakteria anaitwa Sudomonas, anauawa na dawa za meropenemu na amikasini. Mimi na familia nzima tukaona haya sasa, adui kajulikana. Nesi wa mtaani akaweka kanula, tukaanza meropenemu gramu moja mara tatu kwa siku na amikasini juu yake. Chupa 27 za meropenemu ziliisha na kidonda kiko palepale.

Sasa sikilizeni. Mama siku ile swabu inachukuliwa HAKUWA na infekshen. Hakuwa na homa, alikuwa anakunywa uji wake, ngozi kuzunguka kidonda haikuwa na joto wala ugumu, usaha hakuna. Kidonda chochote kilicho wazi siku kadhaa kitakuwa na bakteria, hata cha kwako wewe mzima, hasa kikiwa karibu na haja kubwa. Wale ni wapangaji, wanakaa juu hawajavunja mlango. Ukipangusa juu utawapata tu, na maabara itakuandikia jina na orodha ya dawa kwa sababu ndo kazi yake, haijui kama mgonjwa anaumwa au la. Narudia: swabu yenye majibu si infekshen. Swabu yenye majibu si infekshen jamani.

Infekshen inaamuliwa na macho na mikono kwenye mgonjwa. Pembeni ya kidonda panakuwa pa moto kuliko upande wa pili, panavimba, panakuwa pagumu ukibonyeza, na huo ukingo unaongezeka kila siku (chora na kalamu ya wino kisha angalia kesho). Maumivu mapya, usaha, harufu iliyobadilika ghafla, nyama nyekundu inayotoka damu ukiigusa tu, au kidonda kilichokuwa kinapona kinasimama wiki mbili na bado unamgeuza vizuri. Kwa ngozi zetu nyeusi usisubiri wekundu wa kwenye vitabu, utaona rangi imekuwa ya zambarau au inang'aa, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono kupima joto. Halafu mzee anaweza asipate homa kabisa, anaanza tu kunyamaza, kuchanganyikiwa, kukataa chakula.

Bei ya kosa letu: siku ya tisa mama akaanza kuharisha kwa ajili ya dawa, na kuharisha kukaingia moja kwa moja kwenye kidonda kile kile tulichokuwa tunakitibu. Kipimo cha figo nacho, kreatinini, kilitoka 84 kikafika 190, amikasini ikasimamishwa haraka. Kumbe siku zote hizo dawa hata haikuwa inafika, maana gamba jeusi na ule utando ni nyama iliyokufa, haina damu, na dawa ya mshipani inasafiri na damu. Ungemwaga duka zima mle ndani isingefika.

Hapa niseme kidogo kuhusu wenyeji wetu. Watu wa Nairobi nawapenda, wepesi, hawakuzungushi, lakini wana imani kwamba dawa ikiwa ghali ndo inafanya kazi, na kila kona ina kemisti mwenye koti jeupe atakayekuuzia ukitaja jina tu. Haraka yao inakuambukiza, unajikuta unanunua kwanza unauliza baadaye. Na ndugu zangu wa kwenye grupu la familia, nawaheshimu, lakini shangazi kusema tufungue kapsuli tunyunyize unga kwenye kidonda, hapana. Spiriti hapana, na ile maji ya kutoa povu hapana, inaua nyama changa inayojaribu kuota.

Wiki mbili baadaye ikaja infekshen ya kweli. Asubuhi mama hajibu vizuri, joto 38.6, ukingo wa kushoto wa kidonda mgumu kama kiazi na unanuka. Tukaenda hospitali na safari hii daktari wa upasuaji hakuuliza karatasi. Aliuliza kwanza dawa za kuzuia damu kuganda alizopewa kwa ajili ya kiharusi (mzitaje kabla kisu hakijagusa mtu), akampa ya maumivu, akakata nyama yote mfu mpaka ikaanza kutoka damu nzuri. Chini ya gamba kulikuwa na mfuko wa usaha. Akaingiza kijiti cha chuma kuona kama kinagonga mfupa, hakikugonga, tukapumua, maana mfupa ukiingiliwa inatakiwa sampuli ya mfupa wenyewe na habari inakuwa ya kama wiki sita. Halafu, baada ya kusafisha, ndo akachukua kipande cha nyama ya ndani kipelekwe kalcha, yaani maabara waoteshe bakteria wamjue. Mpangilio huo ndo wa kushika: safisha, kata, kisha sampuli ya ndani. Kama hakuna wa kukata kipande basi hata swabu ichukuliwe baada ya kuosha na maji ya chumvi, ikandamizwe na kuzungushwa kwenye nyama safi, isipanguse usaha.

Hakusubiri majibu kuanza dawa kwa sababu mama alikuwa anaumwa kweli. Alisema kidonda cha sehemu ile lazima dawa ishike bakteria wa ngozi, wa choo, na wale wasiopenda hewa, akachagua amoksilini na klavulaneti ya mshipani, dozi ikipimwa na figo. Presha ilikuwa iko sawa, ingeshuka angeanza na kali zaidi. Hofu yake ilikuwa ile meropenemu yetu ya mwanzo isije ikawa imeacha wadudu sugu peke yao. Nyama ilionyesha bakteria E. koli na Protiasi, wote wanauawa na dawa ile ile, Sudomonas hata haikuonekana. Akahamishiwa vidonge, jumla siku kumi, basi.

Kumgeuza kila masaa mawili, godoro la hewa, mayai na maharage, mnajua, fanyeni.

Sasa kaka yangu kaja kututembelea, kaona kisigino cha mama kina gamba jeusi, kakavu, gumu, limekaa vizuri halina majimaji wala joto pembeni. Akasema si tumeshajifunza, lile nalo likatwe. Hapana. Gamba kavu la kisigino lililotulia linaachwa, ni kifuniko, linainuliwa tu lisiguse godoro na kuangaliwa kila siku. Mkasi nimeuficha.